Viazi vya mama: nimwachie Baba Mdogo au niwauzie majirani wa Umoja?

Salamu Mama,

Mimi ni binti wa miaka 29, ninaishi Umoja na ninafanya kazi dukani, huku mama yangu akilima viazi ekari moja kule Kinangop. Tangu baba afariki, viazi vyetu vyote hununuliwa na broka mmoja aliyekuwa rafiki ya marehemu. Namwita Baba Mdogo tangu utotoni. Huja na vibarua wake na magunia yake, anachimba kwa siku moja, analipa pesa taslimu, anaondoka.

Msimu uliopita alilipa shilingi 1,800 kwa gunia. Yalikuwa magunia 38 ya lumbesi. Nilipima moja kisiri na likawa na kilo 78. Niliumia sana. Nikachukua magunia manne ya kilo 50, binamu yangu akanibebea bure kwa pikapu yake, nikaweka picha kwenye Status yangu na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu. Niliuza kilo kwa shilingi 60. Kwa siku tatu vilikwisha, na watu bado wananiuliza vingine vinakuja lini. Ni mtu mmoja tu aliyeniumiza: alinionyesha ujumbe wa M-Pesa, nikampa kilo 20, jioni nikagundua pesa haikuingia.

Sasa tumebakisha wiki tano tuchimbe tena. Nimepiga hesabu: kilo 3,000 kwa shilingi 60 ni shilingi 180,000. Baba Mdogo alitupa 68,400. Nataka kuuza vyote mwenyewe. Lakini mama hataki kusikia. Mama alipolazwa mwaka jana, Baba Mdogo ndiye aliyelipa bili, wala hajawahi kuidai. Msimu huu ametukopesha 30,000 za mbegu na mbolea, na tukaelewana kwa mdomo kwamba mavuno ni yake. Mama anasema nitamwaibisha kijijini. Mimi naona tunanyonywa na mtu tunayemwita baba. Nifanye nini? Na nikiamua kuuza mwenyewe, hao wanunuzi nitawapata vipi?

Binti wa Kinangop, Umoja

*

Binti yangu,

Nimeuza viazi na kabichi pale Marikiti miaka 18 kabla sijaanza kuandika hapa, kwa hivyo barua yako nimeisoma kama mtu anayelijua gunia hilo kwa mgongo. Ulivyoumia ulipoona mshale wa mizani ukipita 50 na kuendelea, naelewa. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, na wewe ulikuwa umesimama mbele ya gunia lililobeba kilo 28 ambazo hakuna aliyezilipia. Hasira yako ina msingi.

Hata hivyo, kabla hujamkabili mama na hiyo 180,000, hebu tukae na hesabu yako kidogo, maana nadhani inakuahidi kitu ambacho shamba halitakupa.

Kwanza nikuulize: yale magunia manne, nani alichagua viazi? Ningebahatisha kwamba mama aliokota vile vizuri, vya wastani, visivyo na kidonda cha jembe, kwa sababu vilikuwa vinaenda kwa majirani wa binti yake. Ekari nzima haitoki hivyo. Kutakuwa na vikubwa, vya wastani, vidogo kama yai la kuku, vilivyokatwa, na vilivyoota kijani kwa sababu udongo ulifunuka jua likavipiga. Hivyo vya kijani usimuuzie mtu, ni vichungu na vina sumu. Baba Mdogo huchukua karibu vyote na kuvichanganya ndani ya lumbesi. Mama wa Umoja anayelipa 60 kwa kilo atakurudishia kiazi kidogo mkononi na kukuuliza kama unamwona mjinga.

Pili, fikiria walionunua. Kilo 200, tuseme kila nyumba ilichukua kilo tano: hizo ni nyumba 40. Hata kama wote watarudi kila wiki, ambayo ni bahati kubwa, utauza kilo 200 kwa wiki. Kilo 3,000 zitakuchukua wiki 15. Hujaniambia ni aina gani, lakini kama ni Shangi, kama mashamba mengi ya huko, unajua tabia yake: haina usingizi mrefu. Baada ya wiki chache, hasa ikikaa kwenye joto la Nairobi, inaanza kuchipua, kisha inanywea na kupoteza uzito. Wanaokuuliza kila siku vinakuja lini ni dalili njema sana, ila kuuliza hakumgharimu mtu kitu.

Kwa sababu hiyo, binti yangu, mimi nisingetafuta majirani zaidi. Ningetembea jioni kwenye vibanda vya chipsi.

Kibanda kinachouza vizuri humaliza gunia la kilo 50 kwa siku moja au mbili, na mwenye kibanda ananunua wiki baada ya wiki, mvua inyeshe isinyeshe. Hatakupa 60. Anajua bei ya Marikiti kuliko wewe. Lakini anachoka na jambo moja, na hapo ndipo unapoweza kuingia: gunia la sokoni lina viazi vizuri juu na takataka chini, na mara nyingine viazi vinatoka kwenye mafuta vikiwa vya kahawia kabla havijaiva, mteja anadhani mafuta ni machafu. Weusi huo huletwa na sukari iliyojaa ndani ya kiazi kilichochimbwa kabla hakijakomaa au kilichokaa kwenye baridi kali. Basi usimpelekee maneno. Mwombe mama achimbue mashina machache, uchague kilo mbili za vile vikubwa, uende navyo saa ambayo hana foleni, umwombe avikaange mwenyewe kwenye karai lake. Akikubali, rekodi video fupi: mkono wake ukikata kiazi, mafuta, chipsi zikitoka na rangi ya dhahabu. Hiyo ndiyo uiweke kwenye Status yako. Picha ya lundo la viazi shambani kila mtu anayo, na haimwambii mwenye kibanda chochote anachotaka kujua.

Sasa hiyo Status ina mpaka wake. Inadumu saa 24, na huionyeshi kila mtu, bali wale ambao mmehifadhiana namba. Orodha ya matangazo ya WhatsApp nayo, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, inawafikia tu waliohifadhi namba yako. Kwa hivyo wale majirani 40 wa mwanzo, kama walikupata kupitia kundi la mtaa na hawakuhifadhi namba yako, bado hawako mikononi mwako. Msimamizi wa kundi akikasirika kesho na kukuondoa, umewapoteza. Kila unapokabidhi mfuko, simama hapo hapo umwombe mteja ahifadhi namba kwa jina atakalolikumbuka, kama vile "Viazi Kinangop", na umuulize kama anaridhia umtumie ujumbe siku za mavuno. Asiyetaka umwache. Ukitumia WhatsApp Business, unaweza kuwawekea lebo, nyumba huku na vibanda kule, kwa sababu ujumbe wao hauwi mmoja. Nyumba inataka kujua bei ya kilo tano na utafika geti gani siku gani. Kibanda kinataka kujua ukubwa wa kiazi, uzito wa gunia kwenye mizani, na kama utafika kabla hajawasha jiko.

Na usichimbe kwa sababu watu wameandika "niwekee". Hili limewaumiza wengi niliowaona. Tangaza mapema, tuseme Jumatatu: viazi vitachimbwa Alhamisi, vitafika Umoja Ijumaa asubuhi, bei ni hii ikiwa pamoja na kufikishwa, oda zinafungwa Jumatano saa sita. Wenye vibanda walipe sehemu ya gunia kabla, hata shilingi 500. Walioandika bila kulipa wahesabu kama wapita njia. Mkimaliza hapo, mama anajua anachimba mistari mingapi, na vilivyobaki vinakaa ardhini. Ukweli ni kwamba ardhi ni ghala lako, ila si la kudumu. Majani yakatwe kama wiki mbili kabla ya kuchimba ili ngozi ikaze. Kiazi ukikisugua kwa kidole gumba na ngozi ikatoka, hakijawa tayari, kitachubuka njiani na kufika kimejaa madoa. Ngozi ikishakaza unaweza kuchimba kwa awamu, wiki hii na wiki mbili zijazo, lakini mvua ikizidi vitaoza, na nondo wa viazi hutaga mayai pale udongo unapopasuka.

Kuhusu yule aliyekulaghai kilo 20, pole sana. Ujumbe wa kughushi unafanana na wa kweli, na hata namba ya muamala huwekwa. Usisome simu ya mteja. Subiri ujumbe uingie kwenye simu yako kutoka kwa MPESA, kisha utazame salio lako mwenyewe kwa *334# kabla mfuko haujatoka mkononi. Mteja mwaminifu atasubiri hizo dakika mbili. Na kuna wengine watakaokufuata ukianza kuonekana kwenye makundi ya Facebook: mtu atakayesema ananunulia shule au hoteli, anataka magunia 100, ila utume kwanza ada ya kusajiliwa. Mnunuzi wa kweli hakutozi pesa ili akununulie.

Sasa turudi kwenye hesabu, tuchukue awamu moja ya magunia 15 ya kilo 50. Bei hizi nimeziweka kama mfano, wewe weka zako ukishauliza. Magunia 10 ya vikubwa yaende vibandani kwa 2,000 kila moja: shilingi 20,000. Matano yaende kwa nyumba. Kati ya kilo 250 toa 20 za vilivyokatwa na kuchubuka, zibaki 230 kwa shilingi 60: shilingi 13,800. Jumla 33,800. Safari hii binamu hatabeba bure, pikapu kutoka Kinangop hadi Umoja tuseme 6,000. Magunia matupu 600. Vibarua wa kuchimba na kuchagua 1,500, maana wale wa Baba Mdogo hawatakuja. Ushuru wa kaunti na wapakiaji 750. Boda boda na mifuko ya kugawia 1,000. Hizo ni 9,850. Unabaki na 23,950, kama shilingi 32 kwa kilo.

Baba Mdogo alikulipa kama 23. Kwa hivyo faida yako ni shilingi tisa kwa kilo, na si 37 ulizoziona. Kwa awamu nzima ni kama 6,700. Ni pesa, sisemi si pesa. Lakini tazama: wenye vibanda wakigeuka na kukataa magunia manne, umepoteza 8,000 na uko chini ya alipokuacha broka. Na hapo sijahesabu siku yako ya kazi dukani.

Ndiyo sababu nakuomba ulitazame neno "kunyonywa" tena, polepole. Baba Mdogo anafanya kazi ngapi kwa hiyo tofauti ya bei? Anachimba, anaweka magunia, anabeba hatari ya lori kukwama kwenye matope ya Kinangop, anafika Marikiti usiku asijue atakuta malori mangapi yamemtangulia, anachukua hata vidogo, na anakopesha kabla ya kupanda bila dhamana. Nimeona mabroka wakilia asubuhi sokoni. Hayo yote hayahalalishi kilo 28 za bure. Yanaonyesha tu kwamba kuna mambo mawili ndani ya gunia moja: huduma anayostahili kulipwa, na uzito asiostahili kuuchukua. Ukiyachanganya utampoteza mtu ambaye pengine ungetaka tu kumrekebisha.

Na mama yako unamsikia vipi? Wewe umesikia aibu. Mimi, nikimwazia mwanamke aliye peke yake shambani, nasikia pia woga: viazi vikioza, binti yuko Nairobi, nani atakuja? Shamba ni lake na deni ni lake. Sijui kama umewahi kumuuliza anaogopa nini hasa, au mlianza na pesa mkaishia na sauti za juu.

Njia zilizo mbele yako naziona tatu, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kumwachia mavuno haya yote kama mlivyoelewana, deni liishe, kisha msimu ujao muanze mkiwa huru. Neno lenu linabaki safi. Lakini utaendelea kulitazama lile lumbesi kwa msimu mzima mwingine, wateja wako 40 watakusahau, na msimu ujao mkikosa tena pesa ya mbegu mtarudi pale pale.

Unaweza kumrudishia 30,000 zake kabla ya kuchimba na kuuza vyote. Hiyo inahitaji uwe na pesa hiyo leo, na wanunuzi wa kilo 3,000, ambao kwa sasa huna. Kuna pia bili ya hospitali, ambayo hakuna anayeweza kuirudisha kwa shilingi tu. Na bei ikianguka wakati Nyandarua yote inachimba, yeye ndiye mngemhitaji.

Au mnaweza kugawana, na hii ina upande ambao huenda hukuufikiria. Tuseme mama na wewe mnamwendea mapema, kabla majani hayajakatwa, mnamwambia magunia 15 ya kilo 50 yataenda kwa wateja wako wa Nairobi, na yaliyobaki ni yake, ila yapimwe kwa kilo. Ukiwa na oda zilizolipiwa mkononi unazungumza tofauti na binti anayelalamika. Ni kilo 2,250 zitakazobaki. Akikubali shilingi 27 kwa kilo badala ya ile 23, hiyo ni 9,000 zaidi kwa mama, bila pikapu, bila geti, bila M-Pesa ya kughushi. Ni zaidi ya ulichopata kwa kuhangaika na magunia yako 15. Wateja wako wanakuletea faida yao, na pia wanampa mama mahali pa kusimama anapotaja bei.

Mwiba wake ni huu: anaweza kukataa. Anaweza kusema umechagua vizuri umemwachia makapi, na hapo atakuwa na hoja, kwa hivyo itabidi mkubaliane kabla jinsi ya kuvichagua. Anaweza pia kununa na kuja siku ya mwisho mvua imeanza. Simjui, wewe na mama mnamjua. Pengine hata angependa kukubebea magunia yako kwenye lori lake hadi mjini kwa malipo ya kila gunia, maana lori linakuja Nairobi hata hivyo. Hapo ile 6,000 ya pikapu ingepungua sana.

Jambo moja tu ningekuomba usilifanye, kwa ajili ya mama: usiwatangazie watu viazi vya Kinangop kwenye Status kabla Baba Mdogo hajasikia kutoka midomoni mwenu. Nairobi na Kinangop ni karibu sana kwenye simu. Akijua kupitia picha iliyotumwa na mpwa wake, mazungumzo yatakuwa yameanza bila ninyi.

Wiki hii, kabla ya lolote, kapige hodi kwenye vibanda vitatu vya chipsi karibu na kwako. Jumapili nenda kwa mama na mizani ya kuning'iniza, keti naye jikoni umuulize kuhusu ule woga, umsikilize mpaka amalize. Mkiamua kwenda kwa Baba Mdogo, nendeni wawili, na mama aanze kuongea. Siku mtakapolitundika gunia la kwanza kwenye mizani mbele yake, niandikie uniambie alisema nini.

Wako,
Mama